Karatasi Moja ya Pretoria

Desemba 2018, katika kituo cha zamani cha data cha Postbank mjini Pretoria, ufunguo mkuu wa benki hiyo ulichapishwa ukiwa wazi kwenye karatasi ya kawaida. Ndivyo zilivyoeleza nyaraka za ndani ambazo gazeti la Sunday Times la Afrika Kusini lilizianika Juni 2020. Kati ya Machi na Desemba 2019 ilifanyika miamala ya wizi zaidi ya 25,000, zikapotea kiasi cha randi milioni 56. Benki ikajikuta inapaswa kubadilisha kadi zipatazo milioni 12, nyingi zikiwa mikononi mwa watu wanaoishi kwa ruzuku ya serikali, kwa gharama iliyokadiriwa kuzidi randi bilioni 1. Kuziba pengo kuligharimu takribani mara 18 ya fedha zilizoibwa. Na ufunguo ule haukuvujishwa na kampuni ya kigeni iliyopewa dhamana. Ulikuwa katika kituo cha benki yenyewe, na waliotuhumiwa walikuwa wafanyakazi wake. Kila benki inayotaka kushika funguo zake yenyewe inapaswa kuanzia hapo, kwa sababu kuzishika ni jambo moja na kuzitunza ni jambo jingine.

Kwa nini karatasi moja iguse kadi milioni 12? Funguo za benki hupangwa kwa ngazi. Chini kabisa kuna ufunguo wa kila kadi, unaozalishwa kutokana na ufunguo mama wa mtoaji kadi pamoja na namba ya kadi. Juu yake kuna funguo za kuhakiki namba za siri na funguo za kuzungumza na mitandao mingine. Hizi zote huhifadhiwa kwenye hifadhidata ya kawaida, zikiwa zimesimbwa kwa ufunguo wa ngazi ya juu kabisa. Mpango huu una busara yake: hifadhidata ikiibwa peke yake, mwizi amebeba maneno yasiyosomeka. Lakini uzito wote umehamia juu. Mwenye ufunguo mkuu na nakala ya hifadhidata hana tena wa kumwomba ruhusa, wala hakuna kengele itakayolia, maana hesabu anazifanyia kwenye kompyuta yake nyumbani.

Ndiyo maana ufunguo huo hukaa ndani ya HSM, mashine ya kuhifadhi funguo. Seva ya benki huipelekea ombi, tuseme kuhakiki namba ya siri iliyoingizwa kwenye ATM. Mashine hufanya hesabu ndani yake na kurudisha jibu tu, ndiyo au hapana. Ufunguo mkuu hautoki ukiwa wazi. Akija mtu na bisibisi kufungua kifuniko, vihisi humtambua na kumbukumbu hufutwa papo hapo. Kwa hiyo wezi wenye akili hawahangaiki na sanduku. Huuvizia ufunguo pale unapokuwa nje yake, yaani siku ya kuuingiza na katika nakala za akiba, kwa kuwa mashine huharibika na lazima ufunguo uweze kurudishwa kwenye mashine mpya. Ikiwa ufunguo mzima ulifika karatasini kule Pretoria, basi ama ulikuwepo mahali fulani ukiwa mzima nje ya mashine, au vipande vyake vyote vilipita mikononi mwa watu walewale. Sioni njia ya tatu.

Utunzaji sahihi unajulikana na si mgeni kwa watu wa kadi. Ufunguo haukatwi vipande kama mkate. Ukiukata ufunguo wa biti 128 nusu kwa nusu, kila mlinzi tayari ana biti 64, na kilichobaki kubahatisha kimepungua mno. Badala yake mashine hutengeneza vipande vitatu, kila kimoja kikiwa na urefu kamili wa ufunguo, kisha huviunganisha kwa XOR. Tazama baiti moja tu:

```
kipande cha 1    3A
kipande cha 2    C5
kipande cha 3    7F
3A XOR C5 XOR 7F = 80
```

Mwenye 3A na mwenye C5 wakila njama watapata FF, na FF haiwaambii chochote: kulingana na kipande cha tatu, jibu laweza kuwa thamani yoyote kati ya zote 256. Walinzi wawili wakishirikiana wako palepale alipo mpita njia. Huu si uaminifu wa kuombana, ni hesabu.

Siku ya kikao cha kuuingiza ufunguo, mkaguzi husoma kwa sauti namba ya bahasha iliyofungwa yenye kipande na kuilinganisha na daftari kabla haijachanwa. Mashine kama payShield ya Thales ina vitasa viwili vya funguo za chuma, vinavyoshikwa na watu wawili tofauti, na bila wote wawili haingii katika hali ya kupokea vipande. Mlinzi wa kwanza huingiza chake peke yake, wengine wakiwa mbali na kioo. Kwa desturi ya funguo za Triple DES, mashine husimba sifuri tupu kwa kipande hicho na kuonyesha tarakimu 6 za mwanzo za matokeo. Tarakimu hizo zikilingana na zilizoandikwa kwenye daftari, kipande ni sahihi. Kama mlinzi amebonyeza 8 badala ya B, kosa linaonekana palepale, na hakuna mwingine aliyekiona kipande chenyewe. Kisha bahasha mpya, namba mpya, saini, sefu tofauti.

Wapo wanaosema hizi ni taratibu za maonyesho, na afadhali kazi yote wapewe watoa huduma za wingu, wenye mashine bora na wataalamu wengi. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli: benki isiyoweza kupata walinzi watatu wasioripoti kwa bosi mmoja, pamoja na wa akiba wao, haina sababu ya kununua mashine. Lakini tuangalie kinachouzwa. Katika mpango wa kuleta ufunguo wako mwenyewe, benki huutengeneza kwake kisha huupakia kwenye mashine za mtoa huduma, na tangu hapo programu ya mtoa huduma ndiyo inayoamua nani autumie. Benki imebaki na nakala, uamuzi umehama. Upo mpango mwingine, kama hifadhi ya funguo ya nje ambayo AWS iliitangaza Novemba 2022, ambamo ombi hurudi kwenye mashine ya benki yenyewe. Hapo uamuzi umebaki nyumbani, ila bei yake ni kwamba laini ikikatika, data haisomeki mpaka irudi. Benki inayosisitiza umiliki na bado ikachagua mpango wa kwanza imenunua jina la kitu.

Pingamizi zito zaidi ni jingine: mashine hutii. Aliyeiteka seva yenye haki ya kuomba anaweza kuiomba isimbue, nayo itasimbua bila kuuliza. Hilo utunzaji wa vipande hauliponyi. Hata hivyo tofauti yake na yaliyotokea Postbank ni kubwa. Anayeiba kupitia seva huacha kumbukumbu kwa kila ombi, maombi yake huhesabika, na akikatiwa njia wizi umekoma. Aliyeondoka na ufunguo hakatiwi njia. Kadi ndizo zinazobadilishwa.

Kwa hiyo bodi inayoletewa ombi la kununua HSM isiidhinishe bei kabla ya kuona karatasi nyingine: majina ya walinzi watatu na wa akiba wao, bosi wa kila mmoja, sefu ya kila mmoja, na tarehe ya jaribio la kwanza la kuurudisha ufunguo kwenye mashine tupu.