Uzito Kabla ya Bei

Nimeshuhudia kazi nyingi za ofisini, lakini chache nimeziheshimu kama jedwali la maamuzi alilolichora mhasibu mmoja wa kiwanda cha chai, pembezoni mwa mji wa Kericho. Kiwanda kilitaka programu ya kupokea kilo za majani kutoka kwenye mizani za kielektroniki vituoni, kukata deni la mbolea na kulipa wakulima kila mwezi.

Barua za bei zilikuwa mezani, bado zimefungwa. Hakuzigusa. Kwanza aliiketisha kamati wakagawana alama 100 za uzito: kuoana na kazi iliyopo 35, gharama 25, msaada 25, usalama 15. Aliyekwisha kuona bei, alisema, hupanga uzito ili mtu wake ashinde, hata bila kukusudia.

Kisha akaandika maana ya kila alama, 1 hadi 5. Hapa ndipo alipokaa muda mrefu zaidi. Kwa msaada, 4 ilimaanisha fundi anafika kiwandani siku hiyohiyo, kwa sababu majani mabichi hayangoji. Kwa usalama, 4 ilimaanisha karani hawezi kubadilisha kilo za mkulima bila jina la karani huyo na saa kubaki kwenye kumbukumbu. Gharama ilihesabiwa kwa miaka mitano, pamoja na leseni, mafunzo na kuhamisha rekodi za zamani.

Programu zilijaribiwa kituoni, karani akipima magunia halisi, huku mvua ya alasiri ikinyesha na mtandao ukipotea. Moja kati ya nne ilishindwa kuhifadhi kilo bila mtandao, ikatolewa kabla ya kupewa alama yoyote. Jedwali lina udhaifu huu: bei nzuri inaweza kufunika kasoro isiyovumilika, kwa hiyo masharti ya lazima hukaa nje ya hesabu.

Kila mjumbe alitoa alama peke yake. Walipotofautiana kwa mbili au zaidi, waliulizana waliona nini. Muuzaji wa kwanza, mwenye bei ya chini, alipata 5 kwa gharama, 2 kwa msaada, 3 kwa usalama na 2 kwa kuoana na kazi. Ukizidisha kila alama kwa uzito wake na kujumlisha, unapata 290. Wa pili, aliyepata 3 kwa gharama na 4 kwingine kote, alifika 375. Wa tatu, 340.

Mhasibu yule hakufunga daftari. Alisogeza uzito kuona ushindi ungeanguka wapi. Gharama ilipopanda hadi 40 na kuoana na kazi kushuka hadi 20, wa pili bado aliongoza. Ilibidi gharama ifike 50, msaada na kuoana na kazi vibaki 20 kila kimoja na usalama 10, ndipo wa kwanza akampita kwa 360 dhidi ya 350. Akaiuliza kamati kama kuna anayeamini kwamba bei ni nusu ya kila kitu. Hakuna aliyeinua mkono, na mkataba ukapewa wa pili.