Insafu ya Jedwali la Utahini

Mwalimu anayeketi kutunga mtihani wa mwisho wa muhula pasi na jedwali huandika kwanza maswali yanayomjia kwa wepesi, na yanayokuja kwa wepesi aghalabu ni yale ya kutaja na kufasili, tena katika mada aipendayo au aliyoimaliza juzi. Hata karatasi ikijaa, mtihani huwa umepima kumbukumbu za majuma matatu ya mwisho, ilhali matokeo yake yataandikwa katika taarifa ya mwanafunzi kana kwamba ni kipimo cha muhula mzima. Kasoro hii haitokani na uvivu wala hiana. Hutokana na kutunga swali mojamoja bila ya kuwa na mahali pa kuuona mtihani mzima kwa mara moja, na mahali hapo ndipo jedwali la utahini.

Asili ya ufundi huu ni fikira iliyo nyepesi kuieleza. Ralph Tyler, katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya misingi ya mtaala, alionyesha kwamba kila lengo la kufundisha lina pande mbili, yaani jambo linalosomwa na kile ambacho mwanafunzi hana budi kuweza kukifanya kwa jambo hilo, na kwamba pande hizo zaweza kupangwa katika jedwali moja, hii kwa safu mlalo na ile kwa safu wima. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenziwe wakaupambanua upande wa pili kwa ngazi sita za fikra, kuanzia maarifa, ufahamu na matumizi, hadi uchambuzi, usanisi na tathmini. Mwalimu wa shule ya msingi hahitaji kuzibeba zote sita. Ngazi tatu, yaani kukumbuka, kuelewa, na kutumia pamoja na yaliyo juu yake, zamtosha, maadamu anazitofautisha kwa dhati.

Na tumchukue mwalimu wa Sayansi wa Darasa la Sita aliyefundisha mada nne kwa vipindi 40: mashine rahisi vipindi 16, mzunguko wa damu 12, mimea 8, na huduma ya kwanza 4. Anakusudia maswali 25 yenye alama sawa. Akiigawa jumla hiyo kwa kadiri ya vipindi, mashine rahisi hupata maswali 10, mimea 5, mzunguko wa damu saba na nusu, na huduma ya kwanza mawili na nusu. Swali halikatwi nusu, kwa hiyo mada moja itaongezewa na nyingine itapunguziwa, na hapa hesabu hunyamaza, ikamwachia mwalimu ikhtiari yake. Yeye huipa huduma ya kwanza maswali matatu na mzunguko wa damu saba, kwa hoja kwamba swali moja likiondolewa katika manane mada haidhuriki sana, bali mada yenye maswali mawili tu haiwezi kufikia ngazi zote tatu.

Kisha huamua kwamba maswali 10 yatakuwa ya kukumbuka, 8 ya kuelewa na 7 ya kutumia, ndipo aanze kujaza visanduku. Mara ya kwanza mkono wake huenda uliko wepesi: matumizi hukimbilia mashine rahisi, kwa sababu nyenzo na roda zina hesabu, na mimea huachiwa majina ya sehemu zake. Hivyo mashine hupata 2 ya kukumbuka, 3 ya kuelewa na 5 ya kutumia. Damu 4, 2 na 1. Mimea 3, 2 na sifuri. Huduma ya kwanza moja moja kila ngazi. Jumla zote zaafikiana, mlalo na wima, na mwenye haraka angeridhika. Lakini atazamapo vizuri huona kwamba maswali matano kati ya saba ya kutumia yamo katika mada moja, na mengi yake yadai kuzidisha na kugawanya. Mtoto aliye dhaifu wa hesabu atahukumiwa kuwa hawezi kufikiri, na hukumu hiyo haitakuwa ya haki. Dawa imo ndani ya jedwali lenyewe: swali moja la kutumia huhamishwa kutoka mashine kwenda mimea, na moja la kukumbuka likarudi kinyume chake. Mashine sasa ni 3, 3 na 4. Mimea 2, 2 na 1. Wala hakuna jumla iliyobadilika. Badala ya hesabu ya tano, mtoto ataulizwa ni kwa nini mche uliofunikwa kwa ndoo siku nyingi, hali umemwagiwa maji, umegeuka rangi ya manjano.

Hadhari kubwa iliyosalia ni kwamba ngazi ya swali haikai katika kitenzi chake. Swali la kubainisha kifungulia soda ni nyenzo ya daraja gani ni la kutumia kwa darasa ambalo halijawahi kukijadili, kwani mtoto sharti atafute egemeo, mzigo na jitihada viko wapi, akaone kwamba mzigo uko katikati, na kwa hiyo ni daraja la pili. Bali ikiwa kifungulia soda ndicho kilichochorwa ubaoni, swali hilohilo ni la kukumbuka, hata likianza kwa neno bainisha au chambua. Kwa ajili hiyo mwalimu mwangalifu humpa mwenzake wa somo lilelile maswali yaliyochanganywa, pamoja na khabari za mifano iliyotumika darasani, amwombe ayapange katika ngazi bila ya kuliona jedwali. Pale wanapohitilafiana, swali hilo hurudi mezani likachunguzwa.

Vilevile usawa hulindwa kwa alama wala si kwa idadi tu. Swali moja la kuchora moyo na kutaja sehemu zake likipewa alama 12, na mengine yote yakiwa na alama 4, basi limehesabiwa mara tatu, na kukumbuka kumerudi kutawala kwa mlango wa nyuma. Na vipindi vinavyohesabiwa viwe ni vile vilivyofundishwa kweli, si vilivyoandikwa katika azimio la kazi. Mada iliyokatizwa na mvua za masika haistahili uzito wa mada iliyotimia.

Wala jedwali halitamfanya mtu ajue kutunga. Swali lenye utata hubaki na utata katika kisanduku chochote liwekwapo. Lakini baada ya kusahihisha, jedwali humjibu mwalimu jambo ambalo alama ya jumla haiwezi kulijibu. Ikiwa watoto wameanguka katika matumizi ya mashine, ilhali kuelewa na kukumbuka kwake wamefaulu, na matumizi ya mada nyingine yamekwenda vyema, mashine zirudiwe kwa mazoezi. Ikiwa wameanguka katika matumizi ya kila mada, basi kasoro haimo katika mada bali katika namna ya kufundisha muhula mzima. Asitoe hukumu kwa kisanduku chenye swali moja tu, kwani swali moja laweza kukosewa kwa neno lisilofahamika. Asome safu nzima, mlalo au wima. Na usomaji huo hauwezekani ila kwa aliyeamua mizani ya mtihani kabla ya kuandika swali la kwanza, kwani jedwali lililojazwa baada ya maswali hueleza tu yaliyotokea, wala halina la kumdai mtungaji.