Alipa, aliwapa, waliipeleka

Huko Nyunzu kijana mmoja aliniletea muhtasari wa kikao cha wazazi nimsahihishie kabla haujapigwa chapa. Alikuwa ameuandika kwa Kiswahili cha vitabuni, akijitahidi kukikwepa kile cha nyumbani. Sentensi zake nne za kwanza zilikuwa hizi: «Katibu alipa wazazi barua. Wazazi walisoma barua. Barua walipeleka kwa mkuu wa shule. Mkuu aliita watoto.»

Nilikwama pale pale kwenye «alipa». Katibu anawalipa wazazi? Neno hilo lina mikato miwili. Ukilikata a-li-pa, unapata kitenzi «pa» katika wakati uliopita. Ukilikata a-lip-a, unapata mtu anayelipa, kwa njeo ile ya -a-. Msomaji atafuata mkato wa pili, kwa sababu Kiswahili hakimwachi «pa» asimame bila mpokeaji ndani yake. Huyu mpokeaji hukaa baada ya njeo na kabla ya mzizi: a-li-wa-pa. Hata «wazazi» wakitajwa waziwazi mbele, -wa- haiondoki. Hapa hakuna hiari.

Kosa lenyewe lilinishangaza, maana akiongea kijana huyu hakosei kamwe. Barazani, mkononi ana tonge la bukari, husema «nilimupatia», «nilimuona», na ile -mu- husikika kama silabi nzima. Vitabu vinataka «nilimpa», ambapo m imebaki mvumo wa midomo tu. Nadhani alipokuwa akiiondoa u ya nyumbani aliiondoa na m yake, kisha tabia hiyo ikahamia hadi kwenye -wa-.

Sentensi ya nne inafuata njia hiyo hiyo: «Mkuu aliwaita watoto.» Yambwa akiwa mtu anayejulikana, kiambishi chake kinatakiwa. «Aliita watoto» husikika mara nyingi bara, na inaeleweka, lakini mhariri wa Kiswahili sanifu ataipigia mstari.

Barua ni habari nyingine, kwa kuwa ni kitu. «Walisoma barua» na «waliisoma barua» zote ni sahihi, ila hazisemi jambo moja. Ya kwanza inaeleza shughuli: walikuwa katika kusoma barua. Ya pili inamwambia msikilizaji kwamba ni ile ile aliyokwisha kuisikia. Katika muhtasari huu barua imetajwa sentensi moja nyuma, kwa hiyo niliandika «waliisoma». Asingeweka -i-, nisingemhukumu. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya 1944, alilieleza jambo hili kwa kigezo cha kitu mahususi, na kigezo hicho kinatufikisha mbali, ingawa mimi naona swali la «je, tumeshaizungumzia?» hujibu haraka zaidi.

Katika sentensi ya tatu hiari inakwisha. Barua imetangulia kitenzi, imetengwa mwanzoni kama jambo linalozungumzwa, na kitenzi kimebaki na pengo. Kiambishi ndicho kinacholiziba: «Barua waliipeleka kwa mkuu wa shule.» Ukitaka kujua kama sikio lako limezoea, isome kwa sauti bila -i-. Mwisho wake hubaki ukining'inia.

Kijana akanishika hapo. «Sasa, baba, nikianza na barua kule juu, si niandike “Barua katibu aliwaipa wazazi”?» Hapana. Kiswahili kina nafasi moja tu ya yambwa ndani ya kitenzi, na mpokeaji huitwaa kabla ya kitu. Hivyo ni «Barua katibu aliwapa wazazi», na barua inabaki bila kiambishi ingawa imetangulizwa. Kihaya kinaweza kubeba viambishi viwili pamoja. Sisi tuna kiti kimoja, na mtu ndiye anayekikalia.

Kwenye kirejeshi mambo hulegea tena: «barua waliyosoma» na «barua waliyoisoma» zote hupita, kwani -yo- imeshatuonyesha ni ipi. Nilimwachia achague, akachagua fupi.

Chini ya ukurasa palikuwa na sentensi moja zaidi: «Shule inatafuta mwalimu wa hesabu.» Kijana, akiwa ameshaiva kwa sheria mpya, alikuwa tayari ameinua kalamu aongeze -m-. Nilimzuia. Mwalimu huyo hajulikani, hana jina, pengine hata hajafika Nyunzu. Ndiyo maana pia twasema «amezaa mtoto» wakati wa kutangaza uzazi, na «amemzaa mtoto huyu» tunapomwonyesha kidole. Tungeandika «Shule inamtafuta mwalimu wa hesabu», wazazi wangeuliza ametorokea wapi.