Aliyezaliwa Jumapili Akageuzwa wa Jumamosi

Mwanachama mmoja wa chama cha akiba na mikopo alizaliwa Jumapili, tarehe 12 Juni 1994. Kitambulisho chake kinasema hivyo, na aliposajiliwa chamani tarehe iliingizwa hivyo hivyo. Siku moja karani alifungua fomu yake kwenye skrini ili abadilishe namba ya simu. Fomu ilionyesha 11 Juni. Karani hakuitazama tarehe. Alibadilisha namba, akahifadhi, akafunga. Alipoifungua tena wiki iliyofuata, fomu ilisema 10 Juni.

Nilipoitwa kutazama, nilianza na kanzidata yenyewe kabla ya kugusa programu. Ilikuwa PostgreSQL, na safu ya tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ya aina ya `date`. Safu ya namna hii huhifadhi mwaka, mwezi na siku, basi. Haina saa wala haijui ukanda wa saa. Wanachama ambao fomu zao hazijawahi kufunguliwa na kuhifadhiwa upya, tarehe zao humo zilikuwa sahihi kabisa, ingawa skrini iliwapunguzia siku moja. Kwa hiyo kosa lilitokea njiani, kati ya kanzidata na macho ya karani.

Njia hiyo ina vituo vitatu. Cha kwanza ni `pg`, maktaba inayounganisha Node.js na PostgreSQL. Kwa desturi yake, `pg` ikipokea tarehe kutoka safu ya `date` huigeuza kuwa `Date` ya JavaScript. Jina hilo linapotosha. `Date` si tarehe ya kalenda. Ni hesabu ya milisekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, yaani ni nukta moja kwenye mkondo wa wakati. Huwezi kuigeuza “12 Juni” kuwa nukta bila kuipa saa, na huwezi kuipa saa bila kusema ni saa ya wapi. `pg` hujibu maswali yote mawili kimya kimya: saa ni sita kamili usiku siku inapoanza, na mahali ni pale seva ilipowekewa majira yake.

Seva ya chama ilikuwa kwenye majira ya Dar es Salaam, saa tatu mbele ya UTC. Jumapili inapoanza Dar, saa sita usiku, kwa UTC bado ni saa tatu usiku wa Jumamosi. Kituo cha pili, ambapo data hugeuzwa kuwa JSON ili isafirishwe hadi kwenye kivinjari, huandika nukta ile kwa UTC. Jaribio dogo linaonyesha kinachotoka:

```
$ TZ=Africa/Dar_es_Salaam node -e \
  'console.log(JSON.stringify(new Date(1994, 5, 12)))'
"1994-06-11T21:00:00.000Z"
```

Namba 5 hapo ni Juni, kwa sababu JavaScript huhesabu miezi kuanzia 0. Kufikia hapa hakuna kilichopotea bado. Sisi wenyewe husema “usiku wa kuamkia Jumapili”, na kila msikilizaji anajua tunazungumzia usiku ambao mwanzo wake ni Jumamosi. Maandishi yale nayo yanasema kweli, mradi usome hadi mwisho: saa 21:00 ya UTC, tarehe 11, ndiyo saa sita usiku ya Dar inayofungua tarehe 12.

Uharibifu ulifanyika kituo cha tatu. Fomu ilichukua herufi kumi za mwanzo tu, `1994-06-11`, ikatupa zilizobaki. Karani alipohifadhi namba ya simu, fomu ilirudisha na tarehe hiyo, kanzidata ikaipokea kama 11 Juni halisi. Safari iliyofuata ilianzia 11 na kuishia 10. Kila mara fomu inapohifadhiwa, mwanachama anaongezewa siku moja ya umri.

Wakati wa majaribio hakuna aliyeliona kosa hili, na sababu yake ni rahisi. Mfumo ulijaribiwa kwenye seva ya kukodi iliyowekwa majira ya UTC. Huko saa sita usiku ya seva ndiyo saa sita usiku ya UTC, kwa hiyo herufi kumi za mwanzo hutoka sahihi. Mfumo ulipohamishiwa kwenye seva ya ofisini, msimbo haukubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni majira.

Magharibi ya Ulaya, ng’ambo ya Atlantiki, kosa hubadili mlango. JavaScript ikipewa `new Date("1994-06-12")`, tarehe tupu bila saa, huichukulia kuwa saa sita usiku ya UTC. Ukiitazama Nairobi unaona saa tisa usiku ya tarehe 12, na siku ni ileile. Ukiitazama New York, ambako mwezi Juni wako saa nne nyuma ya UTC, unaona saa mbili usiku wa tarehe 11. Ndiyo maana programu ya huko hukosea inaposoma, na ya kwetu hukosea zaidi inapoandika.

Wapo wanaoweka kiraka: badala ya saa sita usiku, wanaipa tarehe saa sita mchana ya UTC ili iwe mbali na mipaka yote miwili. Kiraka hiki hufanya kazi Dar na New York, kisha huchanika Auckland. New Zealand iko saa 12 mbele ya UTC, hivyo saa sita mchana ya UTC, tarehe 12, huko ni saa sita usiku inayoanza tarehe 13.

Wengine huandika `+03:00` kwa mkono, wakiamini majira yetu hayajawahi kubadilika. Yamebadilika. Mwaka 1941 saa za Kenya zilikuwa mbele ya UTC kwa saa 2 na dakika 45, na kumbukumbu za majira zilizomo ndani ya kompyuta zinalijua hilo. Mzee aliyezaliwa 8 Machi 1941, akiandikwa kwa `+03:00` kisha akasomwa kwa `Africa/Nairobi`, ataonekana amezaliwa tarehe 7, robo saa kabla ya saa sita usiku. Vijana wote watatoka sawa. Wazee peke yao ndio watakaokosewa.

Dawa iliyotufaa ni kuacha kuigeuza tarehe kuwa nukta. Mstari mmoja uliiambia `pg` iache tarehe zibaki maandishi kama zilivyotoka kwenye kanzidata, ambako aina ya `date` inatambulika kwa namba 1082:

```
types.setTypeParser(1082, v => v)
```

Wanaotumia Java wana `LocalDate` tangu toleo la 8, ambayo ni tarehe ya kalenda isiyo na saa wala ukanda.

Kuziba tundu hakukurudisha siku zilizokwisha kuvuja. Kama tungekuwa tumehifadhi maandishi kamili, mkia wa `T21:00:00.000Z` ungetuonyesha kila tarehe ya kusogeza mbele. Herufi kumi hazina mkia. `1994-06-10` haielezi kama ilikuwa 10 tangu mwanzo, au 11 iliyohifadhiwa upya mara moja, au 12 iliyohifadhiwa mara mbili. Tulilazimika kutoa fomu za karatasi kabatini na kuzilinganisha na kanzidata, mwanachama mmoja baada ya mwingine.

Kama una mfumo unaohifadhi tarehe za kuzaliwa, uendeshe mara mbili kabla ya kuukabidhi: mara moja kwa `TZ=Africa/Nairobi`, mara ya pili kwa `TZ=America/New_York`. Kila mara fungua fomu ya mtu, ihifadhi bila kubadili kitu, kisha uifungue tena.