KAULI YA LUGHA: ‘Hadi’ iliyomlia mkalimani siku nzima

Rafiki yangu mkalimani alialikwa kuhudumu katika kongamano mjini Eldoret “kati ya tarehe 29 Oktoba na tarehe 2 Novemba”, kwa Sh8,000 kila siku. Alifanya kazi tangu asubuhi ya kwanza hadi kikao cha kufunga, kisha akaandika ankara ya siku tano, Sh40,000. Mhasibu akalipa Sh32,000. “Kompyuta imesema ni siku nne, mwalimu,” akajitetea.

Kompyuta haikukosea hesabu. Iliulizwa swali lisilofaa. Ukitoa tarehe moja kwa nyingine unapata umbali kati yake, wala si idadi ya siku zilizofanyiwa kazi. Mkulima wa Uasin Gishu anayezungushia shamba seng’enge analijua hili: nguzo tano zilizopangwa kwenye mstari huacha nafasi nne. Mwenye hoteli hudai nafasi, yaani usiku nne alizolala mgeni. Mkalimani hudai nguzo.

Mwezi unapogeuka katikati, kosa hujificha zaidi. Gawanya hesabu mara mbili. Oktoba ina siku 31: 31 toa 29 ni 2, ongeza 1 kwa sababu tarehe 29 yenyewe ilifanyiwa kazi, unapata 3. Novemba inaleta 2. Jumla 5. Ukitaka kuhakikisha, zitaje kwa vidole: 29, 30, 31, 1, 2. Anayedhani kila mwezi una siku 30 atapoteza siku nyingine hapo.

Lakini lawama yangu kubwa ni kwa aliyeandika mwaliko. “Kati ya” hutaja kilicho ndani ya mipaka miwili. Mtu akishikilia neno hilo kwa ukali, atabakiwa na tarehe 30, 31 na 1 tu. “Kuanzia” ni afadhali, maana huingiza siku ya kwanza. “Hadi” nayo hufikisha msomaji mlangoni bila kumwambia kama anaingia.

Hata sheria huchagua upande. Kifungu cha 259(5) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kwamba katika kuhesabu siku kati ya matukio mawili, siku ya tukio la kwanza huachwa na ya mwisho huhesabiwa. Kanuni hiyo inafaa muda wa makataa yanayotajwa na Katiba. Kuitumia kulipia kibarua cha mtu ni kumdhulumu, kwani siku ya kwanza alitoka jasho kama siku nyingine.

Basi tuandike hivi: “kuanzia Alhamisi tarehe 29 Oktoba hadi Jumatatu tarehe 2 Novemba, siku hizo mbili zikiwemo, jumla siku tano za kazi.” Na kama siku ya kusafiri inalipwa, itajwe kivyake. Sentensi imerefuka kidogo, ndiyo. Ile fupi ilimgharimu rafiki yangu Sh8,000.