Kosa Lilikuwa la Daftari, Adhabu Wakapewa Wasomaji

Kulifunga kabati la vitabu kwa kufuli wiki mbili kabla ya likizo ya Juni lilikuwa kosa la wazi. Waliofuatilia maktaba ya darasa la tatu katika shule moja ya msingi mkoani Singida wanajua kwamba kazi ya awali ilikuwa safi: vitabu vya msaada vilichambuliwa, vikapigwa muhuri, vikapewa namba na kuvalishwa nailoni.

Siku ya kuhesabu, rafu zikaonekana na mapengo. Mwalimu mkuu akauliza vitabu viko wapi, likaletwa kaunta buku. Ndani yake mlikuwa na safu za tarehe, jina la mwanafunzi, kitabu na sahihi, mstari baada ya mstari, kwa mfuatano wa siku. Kurasa zikapekuliwa, jibu halikupatikana. Papo hapo ikaamuliwa: uazimaji usimamishwe, funguo zikae ofisini, na mzazi ambaye mtoto wake hajarudisha kitabu alipe.

Hakuna aliyethibitisha kwamba kitabu hata kimoja kimepotea. Kilichothibitika ni kwamba daftari lilishindwa kujibu swali moja: kitabu namba 41 kiko kwa nani leo? Daftari la tarehe hueleza vizuri nini kilitokea Jumanne iliyopita. Ukitaka kujua kilichoko nje sasa, lazima usome kila mstari tangu siku ya kwanza na kutafuta ambao haukukatwa. Mwalimu mwenye watoto themanini hana muda huo, na mara nyingi kitabu hurudi mstari usikatwe.

Chukua mfano wa maktaba yenye vitabu 60, na 14 havionekani. Kama tisa bado viko ndani ya wiki ya kuazima, na vitatu vimerudi lakini viko mezani kwa mwalimu bila kuandikwa, vilivyochelewa kweli ni viwili. Viwili hufuatiliwa kwa kumtuma kiranja. Kumi na vinne humtia mtu hofu, na hofu hununua kufuli.

Halafu msimu. Mei na Juni ni wakati wa kuvuna alizeti, na watoto wengi wa Singida wako shambani na wazazi wao. Mtoto asiyefika shule wiki nzima hawezi kurudisha kitabu, lakini hajakiiba. Kuhesabu kwa pupa wakati huo na kutangaza malipo ni kumfundisha mzazi amkataze mwanawe asiguse kitabu cha shule tena.

Dawa ipo, na ilitumika katika maktaba nyingi duniani kabla ya kompyuta. Kila kitabu hubandikwa mfuko wa bahasha ndani ya jalada la nyuma, na ndani yake huwekwa kadi ya manila yenye namba na jina la kitabu. Anayeazima huandika kwenye kadi namba yake ya daftari la mahudhurio, maana akina Juma darasani huwa zaidi ya mmoja. Kadi huingia kwenye boksi la viatu, nyuma ya kigawanyo chenye tarehe ya kurudisha. Kitabu kikirudi, kadi hurudi mfukoni. Kwa hiyo kadi zilizomo boksini ndizo vitabu vilivyoko nje, na za tarehe iliyopita ndizo za kufuatilia. Darasa la watoto themanini ligawanywe makundi manne, kila kundi siku yake, ili foleni isile kipindi kizima.

Mfumo huu nao una udhaifu: kadi ikirudishwa kwenye mfuko usio wake, vitabu viwili vinavurugika kwa mpigo. Ndiyo maana namba huandikwa kwenye kadi, kwenye mfuko na kwenye jalada, na anayepokea huzilinganisha zote tatu.

Tukirudi kwenye mapengo ya rafu, safu hii imesema mara nyingi, na inarudia: nusu ya boksi la msaada ikiwa Kiingereza cha watoto wa Ulaya, hadithi za theluji haziazimwi na mtoto anayejifunza kusoma kwa Kiswahili. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, uliliona hilo mapema, ukasaidia vitabu vya Kiswahili kuandikwa na kuchapishwa hapa nchini, kisha ukavipeleka shuleni. Waliotangulia walianza na msomaji. Wa leo wanaanza na boksi, kisha wanashangaa rafu za Kiingereza zimejaa na za Kiswahili zina mapengo. Mapengo hayo yalikuwa ushahidi kwamba maktaba inafanya kazi.

Muhula ukifunguliwa Julai, kadi ziandikwe kwanza kwa vitabu vya Kiswahili, ambavyo ndivyo hutoka. Vitabu vilivyoko majumbani vipokelewe wiki nzima bila kuuliza sababu, kila kimoja kipewe kadi kinapofika. Baada ya hapo ndipo kuhesabu kutakuwa na maana, na kauli ya malipo ifutwe mbele ya wazazi kwenye kikao kama ilivyotangazwa.