Sentensi Tatu za Shairi, na Ile Inayopotea

Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari wa Unguja wamejiandalia mtihani wa taifa wa Kiswahili kwa diwani kama Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib na Malenga Wapya ya TAKILUKI. Mashairi ni mengi na muda ni mfupi, kwa hiyo wengi huandika kadi za kudurusu: shairi moja, kadi moja, sentensi tatu. Mgawanyo wake unaeleweka. Ya kwanza inamtaja nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi. Ya pili inataja jambo analolisema na dai lake. Ya tatu inaonyesha mgeuko, pale msimamo au sauti yake inapobadilika. Mbili za kwanza mwanafunzi makini huzipata. Ya tatu ndiyo inayopotea, na naamini chanzo kikubwa ni umbo lenyewe la shairi letu la kimapokeo. Ubeti wake hutakiwa kujitosheleza, na mara nyingi kituo hurudi kilekile mwisho wa kila ubeti. Anayesoma harakaharaka huona beti zinazolingana na mshororo usiobadilika, akaamini kwamba shairi zima limesimama mahali pamoja.

Ili hoja hii ipimike, nimetunga tarbia fupi ya beti tatu, mizani 16 kwa mshororo, juu ya nyumba ya Mji Mkongwe:

Mawe yangu ya bahari, chokaa imeshikama,
Mlango wangu fahari, misumari yake njema,
Wamekuja matajiri, wakakaa kwa heshima,
Mimi ningali wimani, nani wa kunitazama?

Ngazi zangu za mvule, nyayo nyingi zimevuma,
Bibi alilea pale, watoto wakasimama,
Ngoma na vigelegele, zilinijaza daima,
Mimi ningali wimani, nani wa kunitazama?

Sasa mvua yangia, boriti zimeinama,
Chokaa yajimegea, ukuta unatetema,
Warithi wanangojea, nani wa kwanza kusema,
Mimi ningali wimani, nani wa kunitazama?

Kadi dhaifu ya shairi hili ingesomeka hivi: “Mshairi anaielezea nyumba ya Mji Mkongwe. Anasema ina mlango mzuri, ngazi za mvule, na kwamba watu walifurahi humo. Mwisho anatuasa tuhifadhi urithi wetu.” Kila sentensi ina kosa lake. Ya kwanza imemsimamisha mtunzi mahali pa nyumba. Anayesema “mlango wangu” ni nyumba yenyewe, na asiyeliona hilo hawezi kueleza kwa nini majigambo ya ubeti wa kwanza yana uzito wala kwa nini udhaifu wa ubeti wa tatu unauma. Ya pili imeorodhesha vitu bila kusema vinatumika kuthibitisha nini. Ya tatu imeleta nasaha ambayo haimo. Inaeleweka ilikotoka, kwani tangu sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, habari ya kuhifadhi majengo imezungumzwa mno, na mwanafunzi ameandika alichokizoea kusikia. Lakini katika beti hizi hakuna anayeaswa. Kuna warithi wanaotegeana, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze, na hao wamefutika kabisa kwenye kadi ilhali ndio kiini cha hoja.

Sasa tuiandike upya kwa kufuata njia ambayo hoja imepita. Nafsineni tunampata kwa maneno ya nafsi ya kwanza: yangu, wangu, ningali. Jambo tunalipata kwa kuuliza vitu vilivyotajwa vinatetea dai gani: mawe, mlango, matajiri na malezi ya bibi vyote vinadai kwamba nyumba hii ina hadhi. Mgeuko tunausaka kwa kusoma kituo mara mbili kwa sauti, kwanza baada ya ubeti wa mwanzo, kisha baada ya ubeti wa mwisho, na kujiuliza kama kinasema jambo lilelile. Mara ya kwanza “nani wa kunitazama” ni tambo: nani atathubutu kunikabili kwa macho? Mara ya mwisho, baada ya boriti kuinama, swali ni la mgonjwa asiye na mtu wa kumwangalia. Hata “ningali wimani” imeacha kuwa fahari, imekuwa tahadhari kwamba muda uliobaki ni mchache. Kadi basi iwe hivi: “Nyumba kongwe ya mawe inajinadi yenyewe. Kwa kutaja ujenzi wake, matajiri na familia zilizokaa humo, inadai kwamba hadhi yake ingalipo. Katika ubeti wa tatu inakiri kwamba inavuja na kumomonyoka huku warithi wakitegeana, na swali la kituo, lililokuwa tambo, linageuka ombi la kutunzwa.” Sentensi ya tatu ni ndefu kuliko nyingine, na ni sawa iwe hivyo, kwa kuwa imebeba mahali pa mgeuko, sababu yake na matokeo yake. Dalili ya sentensi mbovu ya mgeuko ni kwamba unaweza kuihamishia kadi ya shairi jingine na bado ikafaa.

Kuna watakaosema kwamba si kila shairi lina mgeuko. Ni kweli, na kuulazimisha ni kulisingizia shairi. Hata hivyo, kabla ya kukata tamaa mwanafunzi aangalie kama anayesemeshwa amebadilika. Katika Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, mama anamuusia binti yake kwa beti nyingi, kisha anamwelekea Mungu kwa dua. Msimamo wake ni uleule, ila aliyeelekezewa maneno ni mwingine, na hilo linatosha kuwa sentensi ya tatu. Likikosekana hata hilo, kadi iseme wazi kwamba dai linazidi kukazwa hadi mwisho.

Pingamizi zito zaidi linahusu mafumbo. Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu, ana shairi la “Kimbunga” katika diwani yenye jina hilo, na wasomaji wengi huhusisha tufani hiyo iliyoupiga mji wa Siyu na Mapinduzi ya 1964. Je, kadi isiyotaja Mapinduzi si kadi pungufu? Kwangu, sentensi tatu zibaki na kile ambacho nafsineni anakisema: kimbunga, mji, uharibifu na mshangao wa walioushuhudia. Tafsiri iandikwe nyuma ya kadi, ikianza na “huenda” na ikifuatiwa na mishororo inayoiunga mkono. Anayeandika mbele kwamba shairi linahusu Mapinduzi amejifungia mlango, kwani akiulizwa fumbo limejengwaje hana tena kimbunga cha kuelezea. Nyuma ya kadi ndipo pia pa mifano ya fani na maudhui ambayo mtahini ataidai, maana sentensi tatu haziwezi kuwa insha.

Mwalimu anayesahihisha kadi hizi namwomba aanze na sentensi ya tatu. Isipotaja ubeti, wala kilichobadilika, airudishe kadi pamoja na shairi lenyewe, mwanafunzi akakisome kituo upya kwa sauti.